Mkunjo Unaoukata Mstari Wake Bila Mwisho

Wanafunzi wengi wa sekondari hukariri kwamba asimptoti ni mstari ambao grafu huukaribia lakini haiugusi kamwe. Si ajabu, maana mfano wa kwanza darasani huwa y = 1/x, na kweli grafu hiyo haiugusi mstari wa mlalo y = 0 hata ukiifuata mbali kiasi gani. Lakini hiyo ni tabia ya mkunjo huo, si sharti la asimptoti.

Chukua y = 2 + (sin x)/x, x ikiwa kubwa kuliko sifuri na ikipimwa kwa radiani. Thamani ya sin x hupanda na kushuka kati ya −1 na 1, na huwa sifuri kila x inapofika π, 2π, 3π na kuendelea. Hapo y hubaki 2 kamili. Basi mkunjo huu huukata mstari y = 2 kila x inapoongezeka kwa 3.14 hivi, wala haufikii mkato wa mwisho.

Sasa angalia mawimbi yenyewe. Bonde la kwanza liko karibu na x = 4.49, ambapo y ni kama 1.783, limeshuka chini ya mstari kwa 0.217. Kilele kinachofuata, karibu na x = 7.73, kinaupita kwa 0.128. Bonde la baada yake liko chini kwa 0.091, kisha kilele kingine juu kwa 0.071. Mkunjo unaendelea kuvuka, ila kila safari hauendi mbali kama mwanzo.

Kikomo kinadai hilo tu. Mtu anataja umbali wowote, hata uwe mdogo namna gani, nawe unamwonyesha mahali ambapo kuanzia hapo mkunjo hautoki tena nje ya umbali huo. Akitaja 0.01, jibu ni x = 100: kwa kuwa sin x haizidi 1 wala haipungui −1, umbali kutoka kwenye mstari hauwezi kuzidi 1/x. Akitaja 0.001, mpeleke kwenye 1000. Mkato wenyewe ni umbali wa sifuri, na sifuri haivunji dai hilo hata kidogo.

Linganisha na y = 2 + sin x. Nayo huukata mstari uleule, kwenye π, 2π, 3π, lakini kila kilele chake hufika 3. Ukidai 0.01, hakuna mahali pa kukuonyesha. Haina kikomo, na y = 2 si asimptoti yake.

Kwa hiyo, ukipewa grafu na kuulizwa kama mstari fulani wa mlalo ni asimptoti, usihesabu mikato. Pima vilele na mabonde: je, umbali wake kutoka kwenye mstari unaelekea sifuri?