Hela ya kahawa iliyotiliwa shaka

Tuseme kijana wa Mbinga amenyimwa kibali cha kusoma Kanada. Barua inamwambia ofisa hakuridhika kwamba familia ina fedha za kutosha. Anashangaa, maana akaunti ya baba ina shilingi milioni 76.

Tatizo ni namna zilivyoingia. Kwenye maombi aliandika kwamba baba yake, mwalimu wa sekondari, ndiye atakayemlipia. Taarifa ya benki inaonyesha mshahara ukiingia na kutoka kila mwezi, kisha mwezi wa kumi zinaingia milioni 76 kwa mkupuo. Shamba la kahawa halikutajwa popote. Kwa ofisa, hizo ni fedha za kuazima ili salio lionekane zuri.

Kanada haina baraza la rufaa kwa aliyenyimwa kibali hiki. Akiwa nje ya nchi hiyo, ana siku 60 za kuiomba Mahakama ya Shirikisho ipitie uamuzi, lakini mahakama huangalia kama ofisa alikosea kwa karatasi alizokuwa nazo. Stakabadhi zilizobaki nyumbani hazitamsaidia huko. Katika kisa hiki ningeomba upya, na barua ya maelezo ibebe hoja za rufaa.

Barua hiyo isianze na machozi. Ianze na kosa: “Katika maombi ya kwanza nilitaja mshahara wa baba tu. Sikueleza kwamba analima kahawa na huuza kupitia AMCOS, ambayo humlipa kwa msimu.” Kisha hesabu ifuate hadi benki. Kilo 10,000 za kahawa ya maganda kwa shilingi 8,000 ni milioni 80. AMCOS ilikata milioni 4 za mkopo wa pembejeo, zikabaki 76, na ndizo zilizoingia. Bila kutaja makato hayo, stakabadhi zingesema 80 na benki 76, na shaka mpya ingezaliwa.

Kila namba iwe na karatasi yake: stakabadhi za kupokelea kahawa, hesabu ya malipo ya AMCOS, hati ya kimila ya shamba, cheti cha kuzaliwa kinachomtaja baba. Za Kiswahili zitafsiriwe na kuthibitishwa. Lakini karatasi ninayoithamini kuliko zote ni taarifa za benki za misimu miwili iliyopita. Ofisa akiona malipo ya AMCOS yakiingia wakati uleule kila mwaka, mkupuo unageuka kuwa mavuno.

Wapo watakaomshauri aseme ni akiba ya mjomba, eti ni rahisi kueleweka. Asithubutu. Maombi ya kwanza yamo kwenye kumbukumbu, na udanganyifu ukibainika hufungiwa miaka 5. Aliyesahau shamba anaweza kulieleza; aliyebuni mjomba atatakiwa kuonyesha akaunti yake.