Jinsi ya kumpima muuzaji wa magari kabla ya kulipa

Wakazi wengi wakienda yadi huikagua injini lakini wakasahau kumkagua muuzaji. Gari likiwa zima, bado mnunuzi anaweza kulipa na kukaa miezi bila umiliki kuhamishwa kwa jina lake.

Tuchukue mfano wa mkazi anayetaka gari la Sh1.2 milioni, na yadi inamtaka aweke amana ya Sh400,000. Kabla ya kutoa pesa hizo, afanye mambo matatu.

Kwanza, azungumze na wateja watatu walionunua kati ya miezi sita na mwaka uliopita. Aliyenunua wiki jana bado ana furaha na hajajaribiwa. Swali muhimu si kama wanapenda gari, bali umiliki ulihamishwa baada ya siku ngapi, na yadi iliwajibu vipi hitilafu ilipojitokeza. Kwa kuwa yadi itachagua wateja wanaoisifu, atafute angalau mmoja mwenyewe, kwa mfano kupitia mafundi wa gereji za karibu.

Pili, aombe kuona leseni ya biashara ya kaunti ya mwaka huu na cheti cha usajili. Yadi ikidai imekuwepo tangu 2012 ilhali cheti ni cha mwaka jana, aulize biashara ya awali iliishia wapi. Kwa kampuni, hati ya CR12, inayoombwa kupitia eCitizen, huonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Majina yayo hayo yakionekana katika kampuni iliyofungwa ikiwa na madeni ya wateja, hilo ni onyo. Jina kwenye risiti na akaunti ya benki lilingane na lile lililosajiliwa. Hata hivyo, hati hizi huthibitisha ni nani anayeuza, wala si uaminifu wake.

Tatu, atafute jina la kampuni na la wakurugenzi katika tovuti ya Kenya Law, ambako hukumu za mahakama husomwa bila malipo. Kesi moja pekee haimaanishi hatia, kwa hivyo asome uamuzi. Kisha amwulize muuzaji kuhusu lalamiko fulani na jinsi lilivyomalizika. Mwaminifu atataja tatizo, tarehe na alichofanya, kama vile kurudisha amana au kulipia ukarabati. Anayedai hajawahi kulalamikiwa, au anayemlaumu kila mteja, ameshajibu swali.

Akiridhika, makubaliano yaandikwe, yakitaja tarehe ya kuhamisha umiliki na masharti ya kurudishiwa amana.

Mambo yakiharibika, malalamiko hupokelewa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Madai yasiyozidi Sh1 milioni, kama amana hiyo, yanaweza kuwasilishwa katika Mahakama ya Madai Madogo, hata bila wakili. Makubaliano na risiti ndivyo vitakavyokuwa ushahidi.