Filamu Haiboeki

Kijana ametoka kuangalia filamu ya saa mbili na nusu, amepiga miayo tangu mwanzo mpaka mwisho. Anamwandikia rafiki yake kwa Kiingereza: "I am boring. The film was bored." Simu haipigi mstari mwekundu popote, maana kila neno limeandikwa sawasawa. Lakini rafiki anayekijua Kiingereza anasoma habari nyingine kabisa: kwamba kijana huyu ni mtu wa kuchosha wenzake, na kwamba filamu, maskini, ilikaa pale ukumbini ikajichokea.

Alichotaka kusema ni "I am bored. The film was boring." Maneno ni yaleyale, yamekaa tu mahali pasipo pake. Kosa hili tunalisikia hata kwa watu waliomaliza chuo, na tukilifuatilia tutaona kwamba linatokana na masomo mawili tuliyofundishwa vizuri mno darasani.

Somo la kwanza lilisema kwamba -ing ni kama "-na-" yetu. "I am going" ni ninakwenda, "I am eating" ni ninakula. Basi mtu anayechoka sasa hivi anajumlisha mwenyewe: ninachoka, kwa hiyo "I am boring". Somo la pili lilisema -ed ni wakati uliopita: "I cooked", nilipika. Filamu ilikuwa jana, kwa hiyo "bored". Hesabu zote mbili zina mantiki, ila zinahusu vitenzi. Neno linapokuja kueleza hali au sifa, kama "mrefu" au "mgonjwa", viambishi hivyo huacha kazi ya kutaja wakati. Wakati unabebwa na "am", "was" au "will be". Ndiyo maana mtu anaweza kusema "I will be bored tomorrow", nitaboeka kesho, na hakuna kilichopita hapo ingawa -ed ipo.

Sasa kama si wakati, viambishi hivi vinatofautisha nini? Vinatofautisha anayesababisha na anayepatwa. Jambo hilo Mswahili analifanya kila siku bila kufundishwa. Tunasema hotuba inachosha, wasikilizaji wamechoka. Habari inashangaza, watu wanashangaa. Matokeo yanasikitisha, mzazi amesikitika. Maelezo yanachanganya, mgeni amechanganyikiwa. Huwezi kumsikia mtu wa Tanga au Mombasa akisema hotuba imechoka na wasikilizaji wanachosha, labda kwa utani.

Tofauti iko kwenye mahali pa kuanzia. Mara nyingi sisi tunaanza na yule anayepatwa: mzizi ni "choka", ndipo tunaongeza "-sha" kumpata msababishaji. Kiingereza kinaanza upande wa pili. "Bore" peke yake maana yake si kuchoka, ni kuchosha. "Surprise" si kushangaa, ni kushangaza. "Interest" ni kuvutia, "confuse" ni kuchanganya. Ukilishika hilo, mengine yanafuata: ukiongeza -ing kwenye kuchosha unapata kinachochosha, na ukiongeza -ed unapata aliyechoshwa. Kwa hiyo unapotaka kuandika sentensi ya namna hii, iseme kwanza kwa Kiswahili. Ukisikia "-sha" au "-za", weka -ing. Usipoisikia, na anayetajwa ndiye mwenye hisia, weka -ed.

Lugha ya vijana imeshalimaliza suala hili, tena kwa neno lilelile la Kiingereza. Walilichukua "bore" wakalifanya "kuboa", na hawakukosea upande: filamu inaboa, mimi nimeboeka. Anayesema hivyo mtaani kisha akaandika "I am boring" anajua tofauti barabara. Ameiacha tu mlangoni alipoingia kwenye Kiingereza.

Tuipime kanuni hiyo kwenye barua ya kuomba kazi ya mapokezi hotelini, maana huko ndiko kosa hili linakogharimu. Mwombaji ameandika sentensi nne fupi: "I am very interesting in this job. My last job was bored. I was exciting when I saw your advertisement. The salary there was disappointed."

Sentensi ya kwanza: nani anavutiwa? Mwombaji. Kazi ndiyo inayovutia, yeye amevutiwa: "I am very interested in this job." Kama ilivyo, meneja anasoma mtu anayejisifu kwamba yeye ni wa kuvutia sana. Kile kineno "in" kingemshtua mapema, kwa sababu kinaandamana na "interested", si na "interesting". Ya pili: kazi haina moyo wa kuchoka, iliwachosha watu: "My last job was boring." Ya tatu: aliyesisimka ni mwombaji alipoona tangazo: "I was excited when I saw your advertisement." Ya nne: mshahara ulikatisha tamaa, aliyekata tamaa ni mpokeaji: "The salary there was disappointing." Kiingereza sasa kimenyooka. Kama ningekuwa mshauri wake, ningefuta sentensi ya pili na ya nne kabisa, kwa sababu hakuna meneja anayefurahi kusoma unamsema mwajiri wako wa zamani.

Walimu wengine hulifupisha jambo hili kwa kusema -ed ni ya watu, -ing ni ya vitu. Kanuni hiyo inasaidia siku ya kwanza, kisha inapotosha. Mtu naye anaweza kuwa msababishaji. "My uncle is boring" ni sentensi safi kabisa kama mjomba anarudia hadithi moja kila sikukuu, na "My uncle is bored" ni safi vilevile kama amekaa hana la kufanya. Zote zinamhusu mjomba, lakini katika ya kwanza tunaoteseka ni sisi. Hata kitu huweza kubeba -ed kinapoonyesha hisia ya mwenyewe: "a bored voice" ni sauti ya mtu aliyechoka, "a worried look" ni uso wenye wasiwasi.

Kuna pia sentensi inayofanana na kosa na si kosa: "The film bored me." Hapa hakuna "was", na "bored" ni kitenzi hasa cha wakati uliopita: filamu ilinichosha. Filamu imetenda, na "me" ndiye aliyetendwa. Ongeza "was" na umtoe "me", kosa linarudi. Na kwa anayependa utani, "I am boring" ina matumizi yake halali kwa fundi: "I am boring a hole", ninatoboa tundu.

Yabaki maneno machache yasiyofuata utaratibu huu. Upande wa -ed yako sawa, lakini upande wa msababishaji Kiingereza kimechagua umbo jingine. Mtu ni "scared", filamu ni "scary". Mtu ni "stressed", kazi ni "stressful". Mtu ni "impressed", hotuba ni "impressive". Mtu ni "offended", tusi ni "offensive". Haya hayana kanuni ya kuyatabiri. Yaandike kwenye daftari mawilimawili, uyakariri.