Rangi pendwa na tabia ya mtu

Rangi pendwa ni rangi inayomvutia mtu kuliko nyingine. Watu wengi huamini kwamba rangi hiyo hufichua tabia: apendaye nyekundu ni mkali, apendaye buluu ni mtulivu. Mwaka 1947 mwanasaikolojia wa Uswisi Max Lüscher alitoa jaribio la kupima haiba ambamo mtu hupanga kadi za rangi kuanzia anayoipenda zaidi. Matokeo yake yalipolinganishwa na vipimo vingine vya haiba, hayakulingana vizuri.

## Inachoweza kuonyesha

Mwaka 2010 watafiti wa Marekani Stephen Palmer na Karen Schloss walieleza kwamba mtu huelekea kupenda rangi za vitu anavyovipenda, na kutopenda rangi za vitu vinavyomchukiza. Kwa hiyo rangi pendwa inaweza kudokeza mambo ambayo mtu ameyazoea na kuyathamini.

Hata hivyo, rangi moja huwa na sababu nyingi. Katika mkoa wa Mara, kwa mfano, mwanafunzi wa Bunda anaweza kuchagua kijani kwa kuwa ni shabiki wa Yanga, timu ya kijani na njano. Mwingine wa Musoma anaweza kuichagua kwa sababu ni rangi ya Chama cha Mapinduzi, na wa tatu, wa Butiama, kwa sababu inamkumbusha shamba la nyumbani baada ya mvua. Jibu lao ni moja, lakini halisemi kama yeyote kati yao ni mpole, mvivu au mwaminifu. Anayetaka kujua zaidi hana budi kuuliza sababu.

Utamaduni nao una nafasi yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulilinganisha Wahadza wa Tanzania na watu wa Poland. Nchini Poland wanawake na wanaume walitofautiana katika rangi walizozipenda, lakini kati ya Wahadza walifanana. Hivyo si sahihi kudai kwamba kila mahali wanawake wana rangi zao na wanaume zao.

## Kwa nini madai hayo hupotosha

Maelezo kama "wewe ni mkarimu, lakini wakati mwingine hujitilia shaka" humfaa karibu kila mtu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya haiba, kila mmoja akidhani ameandikiwa yeye peke yake. Kumbe wote walipewa maandishi yaleyale. Kwa wastani waliyapa takriban alama 4.3 kati ya 5 kwa usahihi.

Madai ya rangi yanaweza kupimwa kwa njia hiyohiyo. Maelezo ya rangi zote huandikwa bila kutaja rangi, kisha kila mtu huchagua yanayomfaa. Ikiwa wengi hawachagui maelezo ya rangi waipendayo zaidi ya inavyotarajiwa kwa bahati tu, basi rangi haikufichua tabia yao.