Kijiti mkononi, damu isiyo na tarehe

Tumchukue muuza chapati mmoja wa Mbagala kama mfano, maana wenye kisa kama chake ni wengi. Aliwekewa kijiti kimoja mkono wa kushoto mtoto wake alipofikisha miezi sita. Mwezi wa kwanza ulipita salama. Wa pili damu ikaanza: siku kumi na mbili za matone, siku tano kavu, kisha tena. Mwezi wa nne shoga yake akampa maelezo mawili, kwamba kijiti kimekwisha nguvu, au kwamba damu chafu imejaa tumboni inatafuta pa kutokea.

Hakuna damu iliyojaa popote. Kijiti hutoa homoni ya projestini kidogo kidogo kila siku. Homoni hiyo huzuia yai kupevuka, hufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito, na pia huukondesha ukuta wa ndani wa mji wa mimba. Hedhi ya kawaida ni ukuta ulionenepa kubomoka kwa mkupuo. Mwenye kijiti hana ukuta wa kubomoka. Anabaki na utando mwembamba wenye vimishipa dhaifu, leo kinapasuka kimoja hapa, kesho kingine pale. Ndiyo maana damu haifuati kalenda, na mara nyingi ni kidogo na ya kahawia. Jirani yake mwenye kijiti kama hicho huenda akakaa miezi bila tone, naye pia hana damu iliyomlundikania ndani.

Kituoni, muuguzi mzuri haanzi na vidonge, anaanza na maswali. Unatumia dawa gani nyingine? Rifampisini ya kifua kikuu, karbamazepini na fenitoini za kifafa, na efavirenzi ya VVU hulifanya ini liivunje homoni upesi, na hapo kinga yenyewe inaweza kupungua. Damu inakuja baada ya tendo la ndoa? Kuna uchafu wenye harufu? Basi mlango wa kizazi uangaliwe na magonjwa ya zinaa yapimwe. Maumivu makali upande mmoja wa tumbo chini ni ya kukimbiziwa hospitali siku hiyo hiyo, kwa hofu ya mimba iliyotunga nje ya mji. Na damu inayozuka ghafla baada ya mwaka wa utulivu inatia shaka kuliko hii ya mama yetu, iliyoanza karibu tangu mwanzo.

Kipimo chake cha mimba hakikuonyesha mimba. Wingi wa damu ulikuwa 11.2, chini kidogo ya 12 inayotakiwa kwa mwanamke asiye mjamzito, akapewa vidonge vya madini chuma. Kwa kuwa hana vidonda vya tumbo wala ugonjwa wa figo, aliandikiwa ibuprofeni miligramu 800 mara tatu kwa siku, baada ya kula, kwa siku tano. Dozi hiyo ni kubwa kuliko ile ya kutuliza kichwa, kwa hiyo si ya kujipimia dukani. Siku ya tatu damu ikakatika. Baada ya wiki tatu ikarudi.

Hatua iliyofuata humshangaza kila mtu: vidonge vya uzazi wa mpango juu ya kijiti. Si kwa ajili ya kuongeza kinga. Vidonge vya mchanganyiko vina estrojeni, na estrojeni huunenepesha tena ule utando na kuziba palipochubuka. Humezwa kimoja kila siku kwa siku 21. Vile saba vya kahawia vilivyo mwishoni mwa pakiti nyingi ni madini chuma tu. Mwenye presha ya juu, aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, au anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita hapewi. Mama yetu presha ilikuwa 118 kwa 74 na mtoto ana miezi kumi, akapewa.

Alikauka wiki zote tatu. Alipomaliza pakiti akatoka damu siku nne, jambo la kawaida estrojeni inapoondoka, kisha matone yakarudi kwa uchache. Hapa watoa huduma wengi hawasemi wazi: dawa hizi hununua muda, hazibadilishi tabia ya kijiti. Kwa wengi damu hupungua yenyewe ndani ya mwaka wa kwanza. Kwa wengine haipungui, na kumwambia mtu wa namna hiyo "vumilia, dada" kila anaporudi, kwangu mimi, ni kumfukuza kwa adabu.

Kutolewa ni haki yake siku yoyote, hata kama muda wa kijiti haujaisha. Ni sindano ya ganzi, mkato mdogo usiohitaji uzi, na bandeji. Atoke na njia nyingine siku hiyo hiyo kama hataki mimba, kwa sababu homoni huisha mwilini ndani ya siku chache. Muuza chapati aliomba miezi miwili zaidi, akarudi nyumbani na kalenda ya ukutani ya kuwekea alama kila siku anayovaa pedi.