Miezi mitatu bila kodi ya pango

Tuseme muoka mikate amepata chumba cha duka Nyali, Mombasa. Mwenye jengo anataka Sh90,000 kwa mwezi. Kabla ya mkate wa kwanza kuuzwa, lazima tanuri lifungwe, sakafu iwekwe vigae na nyaya za umeme zibadilishwe. Akianza kulipa kodi siku ya kwanza, mtaji utaliwa na chumba kisichoingiza hata shilingi.

Kwa hiyo anaandika barua ya nia, inayotangulia mkataba wa upangaji. Anaomba miaka 5 na miezi 3. Muda huo una sababu: nchini Kenya, Sura ya 301 ya sheria humlinda mpangaji wa duka mwenye mkataba wa miaka 5 au chini ya hapo, na wenye majengo wengi huukwepa ulinzi huo kwa kuongeza miezi kadhaa. Muoka mikate anaitumia ile mitatu ya ziada kwa faida yake: iwe ya matengenezo, bila kodi.

Kisha anapendekeza kodi inayopanda: mwaka wa kwanza wa kulipa Sh75,000 kwa mwezi, wa pili 80,000, wa tatu 90,000, wa nne 100,000, wa tano 105,000. Ukijumlisha miezi yote 60 unapata Sh5,400,000, sawasawa na 90,000 isiyobadilika. Hesabu hiyo iandikwe ndani ya barua, maana ndiyo itakayomlainisha mwenye jengo.

Hata hivyo, ana hofu ya haki. Mpangaji akihama baada ya miaka 2 ya kulipa, jengo litakuwa limepokea Sh1,860,000 badala ya 2,160,000. Ni pengo la Sh300,000, mbali na miezi ya bure. Akidai arudishiwe pengo hilo mpangaji akivunja mkataba, kwa maoni yangu anastahili kukubaliwa.

Panapozua ugomvi zaidi ni siku ya kuanza kuhesabu. Barua ikisema miezi 3 inaanza siku ya kutia saini, na mpangaji wa zamani akachelewa kuhama wiki sita, nusu ya muda imeshapotea fundi hajaingia. Maneno salama ni haya: “Miezi 3 ya matengenezo itahesabiwa tangu siku mpangaji atakapokabidhiwa funguo, chumba kikiwa kitupu, chenye maji na umeme.” Itajwe pia kama ada ya ulinzi na usafi inalipwa katika miezi hiyo. Mara nyingi hulipwa, na wengi hushtukia ankara.

Mwishoni barua iseme kwamba haimfungi yeyote kupanga wala kupangisha hadi mkataba wenyewe utiwe saini. Sharti hilo linamkinga mwenye jengo pia: anaweza kubadili nia. Ndiyo maana tanuri halifai kuagizwa wala ukuta kubomolewa kwa nguvu ya barua peke yake.