Balbu Inayolinda Wimbi

Mwaka 1939 William Hewlett, aliyekuwa akisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Stanford, Kalifornia, aliandika tasnifu kuhusu osileta, yaani saketi inayozalisha wimbi la umeme yenyewe. Katikati ya saketi hiyo aliweka balbu ndogo, wala hakuiweka kwa ajili ya mwanga.

Kisa cha balbu hiyo kinaanzia kwenye jambo ambalo kila aliyehudhuria harusi yenye vyombo vya muziki analijua. Mtu akisogeza maiki karibu na spika, ukumbi mzima hujaa mlio mkali. Sauti ya spika inaingia kwenye maiki, amplifaya inaikuza, inatoka tena kwa spika, kisha inarudi kwenye maiki. Mwanafizikia Mjerumani Heinrich Barkhausen alieleza masharti ya mzunguko kama huo kujiendesha. Kwanza, wimbi likimaliza mzunguko lazima lirudi likiwa sambamba na lile lililoondoka, kilele juu ya kilele. Pili, lirudi na ukubwa uleule. Ukizidisha ukuzaji wote kwa upotevu wote uliomo njiani, jibu liwe 1.

Sharti la kwanza ndilo linalochagua masafa. Katika osileta ya Hewlett kazi hiyo inafanywa na daraja la Wien, lililobuniwa na Max Wien mwaka 1891. Upande mmoja wa daraja una rezista na kapasita zilizofuatana, kisha rezista na kapasita nyingine zilizowekwa sambamba. Katika masafa ya chini wimbi hutoka hapo likiwa limetangulia, na katika masafa ya juu hutoka limechelewa. Kuna masafa mamoja tu ambapo halitangulii wala halichelewi. Kwa rezista mbili za kiloomu 10 na kapasita mbili za nanofaradi 16, hesabu ni hii:

f = 1/(2πRC) ≈ 995 Hz

Katika masafa hayo theluthi moja tu ya wimbi ndiyo hupita. Kwa hiyo amplifaya inatakiwa kukuza mara 3, ili jibu la mzunguko liwe 1.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Ukuzaji ukiwa 2.9, wimbi linafifia hadi kutoweka. Ukiwa 3.1, linakua kila mzunguko hadi kugonga kikomo cha volti za amplifaya, na kwenye osiloskopu utaona vilele vimekatwa bapa. Wimbi la namna hiyo si safi tena, kwa kuwa limebeba pia masafa mengine, hasa yaliyo mara tatu ya yale uliyoyataka. Na hakuna rezista unayoweza kununua ikakupa 3 kamili, kisha ikabaki hapohapo joto la chumba likibadilika.

Hewlett aliiachia balbu kazi hiyo. Waya wa tangsteni ulio ndani yake huongeza ukinzani kadiri unavyopata joto. Tuchukue amplifaya ya leo yenye rezista ya mrejesho ya omu 400, na balbu iliyounganishwa kati ya ingizo hasi na ardhi. Ukuzaji ni 1 jumlisha 400 gawanya kwa ukinzani wa balbu. Balbu ikiwa baridi, tuseme ina omu 80, ukuzaji ni 6, na wimbi linachipuka haraka kutoka kwenye kelele ndogo zilizomo ndani ya saketi. Linavyokua, ndivyo linavyoipasha balbu joto. Ikifika omu 200 ukuzaji ni 3, na ukuaji unakoma. Wimbi likizidi kidogo balbu ikafika omu 205, ukuzaji unashuka hadi 2.95 na wimbi linapungua. Likipungua mno, balbu inapoa na ukuzaji unapanda. Yote hayo hutokea balbu ikiwa haiwaki sana, pengine bila mwanga unaoonekana kabisa.

Siri ya usafi ni kwamba balbu ni nzito wa kubadilika. Katika hezi 1,000 wimbi linapanda na kushuka kabla waya haujapata muda wa kupoa, hivyo balbu inafuata wastani wa wimbi na kuliacha umbo lake. Ukishuka hadi hezi chache, waya unapata joto kwenye kila kilele na kupoa katikati, ukuzaji unabadilika ndani ya wimbi lenyewe, na vilele vinalala. Uzito huohuo una gharama nyingine: ukibadilisha masafa, ukubwa wa wimbi huyumba kidogo kabla ya kutulia.

Hewlett na David Packard waliuza mtambo huo kwa jina la 200A, na studio za Walt Disney zikanunua minane ya toleo la 200B kwa ajili ya filamu ya Fantasia. Anayetaka kujenga wa kwake aanze kwa kupima ukinzani wa balbu ikiwa na volti anazokusudia kuzitumia, kisha achague rezista ya mrejesho iliyo mara mbili ya kipimo hicho. Akipima balbu ikiwa baridi, atapata rezista ndogo kupita kiasi: balbu ikipata joto kidogo tu ukuzaji utashuka chini ya 3, na wimbi litabaki dogo au lisianze kabisa.